Faili limefutwa, nafasi haijarudi

Seva ya Linux ina diski ya gigabaiti 50. Amri ya `df -h` inasema imejaa pomoni, lakini `du`, hata ikiendeshwa kwa `sudo`, inajumlisha mafaili yote na kupata gigabaiti 18 tu. Gigabaiti 32 ziko wapi?

Mara nyingi chanzo ni logi, faili ambalo programu huandikia kila inachofanya. Lilivimba, fundi akalifuta kwa `rm`. Sasa, `rm` huondoa jina la faili tu kwenye folda. Yaliyomo hubaki diskini mpaka kila programu iliyolifungua ilifunge. Programu inaendelea kuandika humo humo, na faili lisilo na jina linazidi kukua. `du` hupita jina kwa jina, kwa hiyo hailioni. `df` huuliza mfumo wa mafaili wenyewe nafasi iliyotumika.

```
sudo lsof +L1
```

Amri hii huonyesha mafaili yaliyofutwa ambayo bado yamefunguliwa, ukubwa wake na programu inayoyashikilia. Iwashe upya programu hiyo, wala si seva nzima, na nafasi itarudi.

Usipoona kitu, na diski yako inatumia Btrfs, kagua snapshoti: hizo hushikilia data ya zamani hata ukiifuta.

```
sudo btrfs subvolume list -s /
```

Logi ikivimba tena, usiifute. Imwage yaliyomo kwa `truncate -s 0`, kisha uweke `logrotate` iisimamie.