Manispaa au halmashauri ya wilaya: shida yako uipeleke mlango upi?

Msikilizaji wetu wa kijiji cha Mwamgongo, ukipanda boti asubuhi na kushuka Kibirizi, umevuka mpaka ambao hauonekani majini. Umetoka Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma na kuingia Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Zote mbili zipo katika Wilaya ya Kigoma na mkuu wa wilaya ni mmoja, lakini kila moja ina mkurugenzi wake, madiwani wake na sheria ndogo zake. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria mbili tofauti: moja ya mamlaka za wilaya, nyingine ya mamlaka za miji. Ndiyo maana jambo linalomalizwa na kijiji kwenu, mjini linamalizwa na manispaa.

Tuanze na ardhi, maana hapo ndipo watu wanapoumia zaidi.

Kijiji kilichosajiliwa ni serikali kamili. Kina halmashauri ya kijiji na kina mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kumgawia mtu ardhi hiyo bila mkutano mkuu kuridhia. Mwenyekiti akikupa shamba peke yake, hata kwa muhuri, ugawaji huo haujakamilika. Omba kuona muhtasari wa mkutano.

Mjini ni tofauti. Mtaa una mwenyekiti, lakini mtaa haumiliki ardhi wala haugawi viwanja. Upimaji na mpango wa mji ni kazi ya manispaa.

Tuchukue mfano. Mvuvi wa mwambao amepata fedha na anataka kiwanja mjini. Anauziwa na mtu, wanaandikiana karatasi, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri. Kwa mazoea ya kijijini, mvuvi anaona amemaliza. Kumbe muhuri ule unaonyesha tu kwamba mwenyekiti ameshuhudia mauziano. Hauthibitishi kwamba eneo limepimwa, wala kwamba ramani ya mji haikulitenga kwa barabara au shule. Kabla ya kutoa hata shilingi, alipaswa kwenda idara ya ardhi ya manispaa na namba ya kiwanja, aulize kimesajiliwa kwa jina la nani na kwa matumizi gani. Akishanunua, anahitaji kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi. Akijenga bila kibali, anaweza kuamriwa abomoe kwa gharama yake.

Sasa taka. Kijijini kila kaya inachimba shimo lake, na afisa afya anakagua choo na usafi. Mjini nyumba zimebanana, shimo halitoshi, hivyo sheria inaitaka manispaa iondoe taka. Ndiyo sababu wakazi wa mjini hutozwa ada ya taka. Ukipanga chumba mjini, muulize mwenye nyumba nani analipa ada hiyo, na taka huchukuliwa siku gani.

Sokoni, kila halmashauri hutoza ushuru kwa sheria ndogo zake. Stakabadhi ya gulio la kijijini haikuondolei ushuru wa meza katika soko la manispaa, kwa sababu unatumia soko la mamlaka nyingine. Ila kila malipo lazima yawe na stakabadhi ya mashine. Mtoza ushuru asiye na mashine, mwulize ofisi yake kabla ya kumpa fedha.

Katika afya, zahanati na vituo vya afya vya serikali viko chini ya halmashauri pande zote mbili. Malalamiko ya zahanati ya kijijini yapeleke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Ya mjini, kwa Mganga Mkuu wa Manispaa. Hospitali ya Maweni haiko chini ya yeyote kati yao. Ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na iko chini ya Wizara ya Afya.

Vijijini wananchi mara nyingi huanza wenyewe kujenga boma la zahanati. Wakianza bila halmashauri ya wilaya kukubali eneo na ramani, kuta zinaweza kukaa miaka bila paa, kwani kijiji hakiajiri mganga wala hakiagizi dawa. Basi kabla ya kuchangia tofali la kwanza, mwulizeni mtendaji wa kijiji kwenye mkutano mkuu: barua ya mkurugenzi iko wapi?