Jina liko kwenye skrini, mbona Mama halioni?

Wiki jana nilikuwa Marikiti, pale kwa wauza viungo, nikiwa na simu moja na skrinshoti mbili. Zote ni za ukurasa ule wa mwisho kabla hujatia PIN, unaokuonyesha jina la unayemtumia na kiasi cha pesa. Ya kwanza, tuiite A, ni muundo mpya tunaoujaribu. B ni muundo wa zamani. Ofisini sote tulipenda A, ina nafasi, imetulia.

Mama mmoja mwenye duka la iliki na pilipili manga, amepita miaka 60, aliishika simu akainyoosha mkono. "Mwanangu, hapa naona elfu tatu. Jina liko wapi?" Jina lilikuwepo, chini tu ya kiasi, kwa rangi ya kijivu. Nilipompa B alilisoma papo hapo. Na jina ndilo la maana zaidi hapo, kwa sababu ukikosea tarakimu moja ya nambari, ni jina tu litakalokushtua kwamba pesa inaenda kwa mtu mwingine.

Niliporudi nikapima. Kila rangi ya skrini ina msimbo wake, na ukiweka msimbo wa herufi na wa mandhari kwenye kikokotoo cha utofauti wa rangi, unapata namba moja. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, ndiyo ya juu kabisa. Rangi moja juu ya rangi hiyo hiyo ni 1 kwa 1, yaani huoni kitu. Miongozo ya WCAG, inayotumika duniani kote, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa.

Kijivu cha A ni `#9E9E9E`. Juu ya nyeupe kinatoa 2.7 tu. Jina kwenye B ni `#212121`, karibu nyeusi, linatoa 16. Kumbe Mama hakuwa na shida ya kutojua simu!

Ukitaka kupima mwenyewe, tumia skrinshoti halisi, si ile iliyopitia WhatsApp, kwa kuwa picha ikibanwa rangi hubadilika. Chukua rangi katikati ya mstari mnene wa herufi. Kingo za herufi huchanganywa na mandhari ili zionekane laini, kwa hivyo ukigusa ukingoni utapata kijivu ambacho mbunifu hakukichagua. (Na tafadhali, ziba salio lako kabla ya kumtumia mtu picha hiyo.)

Lakini skrinshoti haijui jua la Mombasa. Inabeba rangi tu, haibebi mng'ao wa kioo. Jua likipiga skrini, mwanga unaorudi unaongezeka juu ya herufi na juu ya mandhari pia, hivyo tofauti yao inapungua. Tuseme mng'ao huo ni robo ya mwanga wa weupe wa skrini. Ile 16 ya B inashuka hadi kama 4, bado inasomeka. Ile 2.7 ya A inabaki 2. Kwa mwenye mtoto wa jicho ni vigumu zaidi, maana ukungu ulio ndani ya jicho hutawanya mwanga na kufifisha picha hata akiwa kivulini.

Sasa nisiisifu B kupita kiasi. Kitufe chake cha "Tuma" kina herufi nyeupe juu ya kijani `#4CAF50`, na hapo ni 2.8 tu. Kisha Mama akaniomba nimkuzie maandishi. Nikaingia Settings, kisha Accessibility, nikaongeza ukubwa. Kiasi kikakua vizuri, lakini jina likakatwa katikati na kumalizikia kwa nukta tatu. Lilibaki jina la kwanza pekee, na hapo mjini wenye jina hilo ni wangapi? Hilo kikokotoo cha rangi hakiwezi kukuambia. Lazima ukuze herufi, upige skrinshoti nyingine, uangalie kilichopotea.

Kwa hivyo ukiikuzia herufi simu ya mzazi wako, mfanyie jaribio la kutuma hadi ukurasa wa jina, kisha ghairi kabla ya PIN. Jina likikatwa, punguza ukubwa hatua moja. Mtoe nje mwangani, ashike simu mwenyewe, akusomee jina lote kwa sauti.

Upande wetu, jina kwenye A tumelitia `#212121` na tumeliruhusu lishuke mstari wa pili. Kitufe nacho tumekigeuza kijani `#2E7D32`, kinachotoa 5.1. Ijumaa narudi Marikiti na skrinshoti mpya. Mama ameniambia nije saa saba mchana, jua likiwa kali.