Nani Aliingia kwa Akaunti ya root?

Tuchukue seva ya benki yenye mafundi watano, wote wakitumia akaunti moja ya msimamizi mkuu, root, na nenosiri moja. Jumamosi usiku faili la miamala linafutwa. Kumbukumbu za seva zinaonyesha hivi:

```
Accepted password for root from 10.20.4.15
```

Anwani hiyo ni ya kompyuta wanayoitumia wote. Seva imesema kweli, ila haikumtaja mtu.

Mkaguzi hahitaji kuthibitisha wizi ili aandike hoja. Humtosha kuchagua tukio moja na kuuliza nani alilifanya. Kisha hulinganisha tarehe nenosiri lilipobadilishwa mwisho na tarehe fundi wa mwisho alipoacha kazi. Mara nyingi fundi ameondoka na nenosiri limebaki, kwa sababu limeandikwa ndani ya programu za usiku na kila mtu anahofia zitakwama likibadilishwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haikubaliki.

Kila fundi aingie kwa akaunti yake, kisha atumie sudo, ambayo huandika jina lake pamoja na amri aliyotoa. Nenosiri la root lifungiwe kwenye hifadhi maalumu: anayelihitaji kwa dharura huliazima kwa jina lake, na akimaliza mfumo hulibadilisha.

Hata hivyo, fundi akiandika `sudo -i` anakuwa root kamili, na amri zinazofuata kwa kawaida haziandikwi na sudo. Kibali hicho kibanwe. Kumbukumbu nazo zitumwe seva nyingine, maana mwenye mamlaka ya root anaweza kuzifuta.