Pengo Kubwa Kuliko Yote, Bila Kupanga Namba

Tuseme daladala saba zimepita kituoni asubuhi, na dakika zilipopita, kuanzia saa kumi na mbili, zimeandikwa ovyo ovyo: 38, 2, 15, 62, 33, 11, 36. Pengo refu zaidi kati ya gari moja na lililofuata ni dakika ngapi?

Wengi watazipanga kwanza, kisha watatoa. Kwa namba saba hakuna tabu. Kwa namba milioni moja, kuzipanga kwa kuzilinganisha mbili mbili hudai kulinganisha karibu mara milioni 20. Mwaka 1975 Teofilo Gonzalez alionyesha njia isiyopanga kabisa: orodha hupitiwa mara chache tu, na namba zikiongezeka maradufu, kazi nayo huongezeka maradufu, basi.

Ndogo kuliko zote ni 2, kubwa kuliko zote ni 62. Kati yao kuna dakika 60, na namba saba zina mapengo sita, kwa hiyo wastani wa pengo ni 10. Tenga ndoo sita, kila moja ikibeba upana wa dakika 10, nazo zihesabiwe kuanzia sifuri. Kujua ndoo ya 38, toa 2 upate 36, gawa kwa 10 upate 3.6, kisha tupa desimali: ndoo ya 3. Humo zinaingia pia 33 na 36. Namba 11 inaangukia ndoo ya 0 pamoja na 2, na 15 ndoo ya 1.

Uzuri wa njia hii uko hapa. Ukiziweka pembeni 2 na 62, zimebaki namba tano kwa ndoo sita. Kama njiwa watano katika vizimba sita, lazima kimoja kikose njiwa. Pengo linaloruka ndoo tupu linazidi 10, ilhali namba mbili za ndoo moja hazifikii tofauti ya 10. Basi pengo kubwa kamwe halimo ndani ya ndoo, na kila ndoo inatosha kukumbuka namba yake ndogo na kubwa tu.

Sasa pita ndoo kwa mfuatano, ukitoa kubwa ya ndoo iliyotangulia kutoka kwa ndogo ya inayofuata, ukiziruka zilizo tupu: 15 − 11 ni 4, 33 − 15 ni 18, 62 − 38 ni 24. Jibu ni dakika 24. Wanaokosea husimama kwenye ndoo tupu ya kwanza na kujibu 18. Ndoo tupu inathibitisha tu kwamba jibu linazidi 10, haisemi liko wapi.

Namba zote zikiwa sawa, upana ni sifuri na kugawa kunashindikana. Jibu sifuri tangu mwanzo. Wala usiitumie kutafuta pengo dogo kuliko yote: hapa ni dakika 2, kati ya 36 na 38, ndani ya ndoo moja ambamo njia hii haiangalii.