Videyo za mwezi mzima katika mchana mmoja: namna tunafanya hapa Mambasa

Wengi kati yenu mmeniuliza namna ukurasa wetu wa kakao unapata videyo mpya kila juma, wakati mimi naweza kupita siku kumi mashambani upande wa Biakato bila rezo. Hakuna mayele ya ajabu. Videyo zote tunazitengeneza siku moja tu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa saba ya mchana mpaka saa kumi na mbili. Ila mara ya kwanza nilipanga vibaya, na kosa langu likaumiza watu. Nieleze kwanza kazi yenyewe, kisha nitafika kwa hilo kosa.

Jambo la kwanza ni hili: usitengeneze videyo moja mpaka mwisho ndipo uanze ingine. Ukifanya vile, kila mara utatafuta tena kivuli, utafunga tena telefoni kwa kigingi, utaomba tena watoto wa jirani wanyamaze. Kwa videyo tisa, unafanya hayo yote mara tisa. Sisi tunagawa mchana kwa aina ya kazi: kwanza kuandika yote, halafu kupiga yote, mwisho kupanga yote kwa kalenda.

Kuandika kunaanza saa saba mpaka saa tisa. Siko natafuta mawazo saa ile, juu yalishakusanywa mwezi mzima. Mkulima akiniuliza kitu njiani ao kwa sauti ya WhatsApp, naandika swali lake kwa daftari, na maneno yake vile aliyasema. Jumamosi nachagua maswali tisa: matatu ya kuvuna, matatu ya kuvundika, ile wengi tunaita fermantasyo, na matatu ya kukausha. Swali moja, videyo moja.

Kila videyo ni sekunde 45. Mimi nikisoma bila kukimbia, sekunde 45 zinameza maneno 80 hivi. Kwa hiyo kila andiko ni maneno 80, si zaidi. Mfano wa mwezi uliopita: mama mmoja aliuliza kwa nini kakao yake ilikuwa inaota ukungu ndani ya mfuko. Sentensi ya kwanza ni swali lake. Ya pili inatoa jibu: ilifungwa kabla ya kukauka. Zingine zinaonyesha namna ya kujua: shika mbegu ukiminye, sikiliza kama inalia kavu, ipasue uone ndani. Mbegu nzuri inabakia na maji kama asilimia 7. Ikipita 8, ukungu unaingia. Ya mwisho inasema kitu kimoja cha kufanya: rudisha kwa jua, ugeuze mara nyingi kwa siku. Basi, imeisha.

Ndani ya andiko, kuna maneno tunakataza: «leo», «jana», «asubuhi hii», «juma hili». Videyo unayopiga Jumamosi inaweza kutoka siku 20 nyuma. Hata bei tunakataza. Mwaka wa 2024 kakao ilipita dola 10,000 kwa tani huko New York, halafu ikashuka tena. Ukisema bei kwa videyo ya siku 20 mbele, utamdanganya mkulima ambaye anataka kuuza mfuko wake.

Kupiga kunaanza saa tisa na nusu. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Saa saba liko juu ya kichwa na linaweka kivuli cheusi machoni. Kutoka saa tisa na nusu linalala kidogo, uso unaonekana vizuri. Ndiyo sababu tunaandika kwanza, tunapiga nyuma.

Hatupigi kwa kufuata tarehe za kutoka, tunafuata mahali. Zile zote za chini ya mwembe zinapita pamoja, halafu tunahamia kwa kitanda cha kukaushia. Kila videyo tatu nabadilisha shati, ili mwezi usionekane kama siku moja. Tunapiga kila andiko mara mbili bila kukata katikati, halafu tunachagua moja na kupunguza mwanzo na mwisho tu. Ukianza kushona vipande saba kwa kila videyo, mchana hautatosha.

Kinachotuharibia zaidi ni sauti. Mvua ikianguka juu ya mabati, hakuna mutu atasikia unachosema, hata telefoni ikiwa ya bei kali. Nyuma ya videyo ya kwanza tunasimama, tunasikiliza kwa ekuta. Bila kufanya vile, utagundua jioni kwamba zote tisa zimebeba jenereta ya jirani. Na ukubwa pia: tunazipunguza mpaka mega 15 ao 20 kila moja. Zote tisa hazipiti mega 200, hata rezo ya Mambasa inaweza kuzibeba usiku.

Saa kumi na moja tunapanga ndani ya Meta Business Suite. Unapakia, unachagua siku na saa, na itatoka yenyewe hata wewe uko porini. Angalia saa vizuri. Kongo yetu ina saa mbili: Ituri inafuata ile ya Lubumbashi, Kinshasa iko saa moja nyuma. Telefoni yangu ilikuwa imewekwa kwa saa ya Kinshasa, bila mimi kujua. Nilipanga 18:00, videyo zikatoka 19:00 ya kwetu, wakati wengi walishazima data. Sasa tunapanga ya kwanza itoke siku ileile, tunaingojea tukiangalia saa ya ukutani. Statu ya WhatsApp haipangwi vile, kwa hiyo mwenzetu mmoja anaiweka kwa mkono.

Sasa kosa langu. Mwezi wa kwanza nilipanga videyo 12, tatu kila juma, nikajaza nafasi zote, nikaenda shambani. Mnajua njia zetu na vijiji vyetu. Juma la tatu habari mbaya ikaingia, watu waliuawa, familia za wakulima wetu zikiwa ndani. Jioni ile ukurasa ukatoa videyo yangu nikicheka, nikionyesha kakao inang'aa kwa jua. Mimi sikuwa na rezo, na mimi tu ndiye nilikuwa na ruhusa ya kuizuia. Ilikaa siku mbili. Baba mmoja aliandika tu: «Mdogo wangu, sisi tuko kwa matanga.» Nilienda kumuomba msamaha kwake.

Tangu siku ile tuna sheria mbili. Tunajaza nafasi tisa kati ya 12. Tatu zinabakia wazi kwa bei, kwa habari, ao kwa kunyamaza. Na kuna dada yetu anayeishi Bunia, kwenye rezo inashika, ambaye ana ruhusa sawa na yangu. Kila siku ya kutoka, saa sita mchana anauliza Mambasa kama kuko amani. Asipopata jibu, anasogeza videyo mpaka kesho yake, bila kuniuliza.

Mwezi uliopita alisogeza mbili.