Mwenyekiti Anaposimama Kusalimia

Tangazo lilisema saa nne asubuhi, na sasa saa nne na nusu inakaribia. Kwenye uwanja mdogo mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, wazee wamekalia benchi chini ya mwembe, akina mama wametandika mikeka upande wa ukuta, vijana wameegemea pikipiki zao barabarani. Kila kundi lina mazungumzo yake. Daftari la mahudhurio linapita mkono kwa mkono. Kisha mwenyekiti wa mtaa anasimama, anakohoa kidogo, anasema: “Ndugu wananchi, naomba tusikilizane.”

Anachofanya kwa dakika mbili au tatu zinazofuata hakimo katika sheria yoyote. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, Na. 7 ya wilaya na Na. 8 ya miji, zinaeleza nani ni mkazi, nani anaongoza mkutano na nani ni katibu wake. Kwa upande wa vijijini, sheria inautaja mkutano mkuu wa kijiji kuwa ndiyo mamlaka ya juu kabisa katika mambo yote ya sera pale kijijini, na kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Namna ya kuwasalimia wajumbe hao imeachwa kwa desturi, na desturi hiyo ina utaratibu unaojulikana kwa wote waliokaa uwanjani.

Kwanza wazee. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa na miaka 38, na pale mbele amekaa mzee aliyemwona akitambaa. Madaraka hayaondoi umri. Kwa hiyo anaanza: “Wazee wangu, shikamooni,” na benchi lote linaitikia “Marahaba.” Hapo ndipo anapopata ruhusa ya kuwaongoza watu waliomtangulia kuzaliwa. Mwenyekiti kijana anayeruka hatua hii na kuanza na “Mambo vipi?” atasikilizwa, lakini atakapofika kwenye ajenda ya michango atakuta wazee wamefunga mikono kifuani.

Baada ya wazee zinakuja salamu za imani. “Asalaam aleikum.” “Waaleikum salaam.” “Bwana Yesu asifiwe.” “Amina.” “Tumsifu Yesu Kristo.” “Milele, amina.” Mgeni anaweza kudhani mwenyekiti ameugeuza mkutano wa serikali kuwa ibada, hasa akikumbuka kwamba Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 3, inaitaja nchi hii kuwa isiyokuwa na dini. Wananchi hawaoni mgongano. Salamu zote tatu zikitolewa moja baada ya nyingine, kila mmoja anajua kwamba ametambuliwa na kwamba jirani yake pia ametambuliwa. Tatizo huanza pale mwenyekiti anapotoa ya dini yake peke yake, mara nyingi kwa mazoea tu, bila nia mbaya. Nusu ya uwanja inaitikia, nusu inanyamaza, na ile nusu iliyonyamaza inaanza kujiuliza kama mkutano huu ni wake.

Wenyeviti wazoefu wana sentensi ya kufungia sehemu hii: “Na wale ambao sijawagusa, habari za asubuhi?” Inamwingiza asiye na dini, mwenye dini ya mababu, kijana anayejisikia aibu kuitikia kwa sauti, na mpangaji aliyehamia wiki iliyopita. Jibu la “Nzuri!” ndilo huwa kubwa kuliko yote, kwa sababu kila mtu anaweza kulitoa.

Jibu hilo lina kazi nyingine ambayo wananchi wengi hawaitambui. Mikutano mingi ya mitaa hufanyika nje, pembeni ya barabara, mara nyingi bila kipaza sauti. Mwenyekiti anaposalimia anaangalia wapi sauti inarudi na wapi hairudi. Akina mama kwenye mikeka wakiitikia lakini vijana wa kwenye pikipiki wakiendelea kuongea, anajua kwamba maneno yake hayafiki barabarani. Ana nafasi ya kurekebisha mapema: anawaomba wasogee, au anahama yeye mwenyewe akasimame katikati. Wale wanaorudia “Hamjambo? Sijasikia, hamjambo?” wanafanya uchunguzi huohuo, ingawa wakirudia mara nne inakuwa kero. Mara mbili inatosha.

Kuna salamu moja iliyozaliwa karibuni. Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani mwaka 2021 alianza kusalimia kwa kusema “Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,” na wananchi wakawa wanaitikia “Kazi iendelee.” Salamu hiyo ilishuka haraka hadi ngazi ya chini, na ubora wake uko wazi: haimchagui mtu kwa dini wala umri. Udhaifu wake ni kwamba kiitikio chake ni kaulimbiu ya uongozi wa rais huyo, na mahali penye wafuasi wengi wa upinzani kinaweza kupata sauti chache.

Hapo tunafika kwenye kosa ambalo huvunja mikutano mingi kabla haijaanza: salamu ya chama. Nchi ina vyama vingi tangu mwaka 1992, na mgombea wa uenyekiti wa mtaa ni lazima adhaminiwe na chama. Lakini akishaapishwa, mkutano anaouitisha ni wa wakazi wote. Mwenyekiti anayesimama na kunyoosha mkono akitaja jina la chama chake na “hoyee” amewaambia waliompigia mwingine kwamba wako ugenini kwenye mtaa wao. Wengine huondoka palepale. Wengine hubaki ili kupinga kila kitakachosemwa, hata kama ni kuzibua mtaro unaopita mbele ya nyumba zao.

Nchini Kenya picha ni tofauti kidogo. Chifu ni mwajiriwa wa serikali kuu, hachaguliwi na wananchi, na baraza lake kwa kawaida hufunguliwa kwa maombi yanayoongozwa na mmoja wa waliohudhuria kabla ya chifu mwenyewe kusalimia. Mzigo wa kuunganisha imani mbalimbali unabebwa na yule anayeomba, na chifu anabaki na salamu ya jumla.

Baada ya salamu kuna utambulisho, na hapa ndipo dakika hupotea. Mwenyekiti anamtambulisha mtendaji wa mtaa, ambaye ndiye katibu wa mkutano, kisha wajumbe wa kamati ya mtaa, kisha wageni: diwani, mtendaji wa kata, polisi wa kata. Kila mgeni anapewa nafasi ya “kusalimia wananchi,” na kila salamu inageuka hotuba. Diwani anaeleza barabara iliyoombewa fedha. Afisa wa kata anakumbusha usafi. Inafika saa tano na robo, na hakuna aliyesema kwa nini watu wameitwa.

Tuseme mkutano huu umeitishwa kwa sababu ya wizi wa usiku, na kamati inapendekeza ulinzi shirikishi: vijana sita wa zamu, na kila kaya ichange shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwenyekiti wa kwanza anaacha wageni wazungumze. Mama mmoja anakunja mkeka kwa sababu ana chungu jikoni. Vijana wa pikipiki wanapata abiria. Ajenda ya mchango inapofunguliwa uwanja umebaki na watu thelathini, wanapiga kura ya mikono, inapita. Mwezi unaofuata mkusanyaji anapita na kitabu cha stakabadhi na mlango baada ya mlango anapokea jibu moja: “Mimi sikuwepo.” Na ni kweli, hakuwepo. Alikuja, akasalimiwa, akaondoka bila kujua alichoitiwa.

Mwenyekiti wa pili anasalimia vilevile, wazee, dini zote, wale ambao hakuwagusa. Kwa kuwa wiki hiyo mtaa umefiwa, anatoa pole kwa familia na kuwaomba watu wasimame dakika moja. Jambo hili halirukwi, maana mfiwa yuko pale uwanjani na majirani wanamwangalia mwenyekiti kama atamkumbuka. Wageni anawataja kwa majina na vyeo, anawaomba wasimame na kupunga mkono, na kuwaahidi muda wao kwenye mengineyo. Kisha anasema: “Ndugu zangu, tumeitana kwa jambo moja. Ndani ya mwezi huu nyumba tano zimevunjwa. Kamati inapendekeza ulinzi wa usiku na mchango wa shilingi 2,000 kwa kila kaya. Leo tunataka mseme kama mnakubali, na kama hamkubali, mseme tufanye nini.” Sentensi nne. Mama mwenye chungu jikoni sasa ana sababu ya kumtuma mtoto akaangalie moto.

Uangalie pia mpangilio wake. Pole imekuja baada ya salamu, na lengo limekuja baada ya pole. Mwenyekiti akiligeuza hilo, akaanza na wizi kisha akakumbuka msiba katikati ya mjadala wa fedha, anaonekana hana utu. Akianza na lengo bila salamu, kama wafanyavyo baadhi ya waliozoea vikao vya ofisini, watu humsikia kana kwamba anagomba. Maneno ni yaleyale, yanapokelewa kwa moyo mwingine.

Katika kumbukumbu yote haya hubanwa kuwa mstari mmoja. Mtendaji anaandika chini ya ajenda ya kwanza, kufungua mkutano: “Mwenyekiti alifungua mkutano saa 4:40 asubuhi kwa kuwasalimu wananchi, kuwashukuru kwa kuhudhuria na kueleza lengo la mkutano.” Ndipo zinafuata kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, na kuendelea. Mstari huo wa kwanza usidharauliwe. Mkazi akija kulalamika kwamba mchango umepitishwa kwa hila, muhtasari unaoonyesha kwamba lengo lilielezwa mwanzoni, pamoja na daftari la mahudhurio lenye saini yake, ndio utakaojibu. Muhtasari usio na maneno “kueleza lengo” ni dalili kwamba pengine halikuelezwa.

Wenyeviti wa mitaa na vijiji waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wana kipindi cha miaka mitano. Kabla ya kusimama, waandike lengo la mkutano kwenye karatasi kwa sentensi mbili au tatu, waliweke mfukoni, na walisome mara tu salamu zinapoisha. Mwananchi naye ana wajibu wake: salamu zikiisha na utambulisho ukaanza kurefuka, anyooshe mkono na kuuliza kwa heshima, “Mwenyekiti, tumeitiwa nini leo?”