Kihispania Hakina "Akawa" Moja

Mwishoni mwa 1792 mchoraji Francisco de Goya, akiwa na miaka 46, alipatwa na ugonjwa mzito safarini Andalusia, kusini mwa Hispania. Alitunzwa Cádiz, nyumbani kwa rafiki yake Sebastián Martínez. Alipona, lakini masikio yake hayakusikia tena. Sisi tungesimulia kwa maneno machache: aliugua, akawa kiziwi. Msimulizi wa Kihispania hana neno moja linalotosha kila mahali kama "akawa" yetu. Kila badiliko humlazimu achague kitenzi, na kitenzi hicho hueleza badiliko lilikujaje.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Nchini Hispania watasema Goya *se puso enfermo*. Kitenzi ni *ponerse*, nacho huhusu hali inayompata mtu kwa wakati fulani: afya, hisia, sura. Mtu *se pone rojo* akiona haya uso ukawa mwekundu, *se pone nervioso* kabla ya mtihani, *se pone triste* akipata habari mbaya. Vitabu vingi vya wanafunzi husema ni badiliko la muda mfupi tu. Kanuni hiyo husaidia mwanzoni, ila haitoshi, kwa sababu shangazi aliyekaa muda mrefu bila kumwona mtoto wa ndugu yake atasema *¡qué alto te has puesto!*, na urefu ule hautapungua. Jambo la msingi ni kwamba msemaji anaitazama hali kama inavyoonekana sasa. Halafu kuna mpaka usiovukika: *ponerse* hakibebi jina la kazi. Hakuna asemaye *se puso médico* akimaanisha kwamba mtu alikuwa daktari.

Uziwi unataka kitenzi kingine: Goya *se quedó sordo*. *Quedarse* kwa asili ni kubaki, na hapa hutaja hali ambayo mtu ameachwa nayo baada ya tukio. Ndiyo maana kinapenda maneno ya upungufu: *quedarse ciego*, kupofuka, *quedarse viudo*, kufiwa na mke, *quedarse sin trabajo*, kukosa kazi uliyokuwa nayo. Wanafunzi huchukulia kwamba ni lazima hali iwe ya kudumu. Sivyo. Aliyeduwaa kwa sekunde chache *se queda callado*, amebaki kimya, na aliyepitiwa na usingizi kwenye basi *se queda dormido*. Cha kujiuliza si muda, bali tukio lilimwacha mtu katika hali gani.

Baada ya ugonjwa kazi za Goya zilibadilika. Mwaka 1799 alitoa *Los Caprichos*, picha 80 zilizochapwa kwa sahani za shaba, zenye wachawi, vinyago na kejeli kali kwa jamii yake. Hapo msimulizi atasema michoro yake *se volvió más oscura*, iliingia giza zaidi. *Volverse* kimetokana na kugeuka. Kitu kilikuwa hivi, sasa tabia yake ni nyingine, na mara nyingi hakuna aliyekusudia. Mtu *se vuelve desconfiado* baada ya kutapeliwa mara nyingi, hata asimwamini jirani. Angekuwa na wasiwasi jioni moja tu, kitenzi kingekuwa *ponerse*.

Na uchoraji wenyewe? Goya *se hizo pintor*. Hapa tunaona *hacerse*, kinachotokana na kufanya, na ndicho kitenzi cha kazi, dini na msimamo: *hacerse abogado*, kuwa mwanasheria, *hacerse musulmán*, kusilimu. Kwa kawaida nyuma yake mna uamuzi au hatua zilizofuatana. Aliyejenga biashara miaka mingi *se hizo rico*. Lakini kitenzi hikihiki hueleza pia mambo yanayokuja yenyewe pole pole: *se hizo de noche*, usiku umeingia, *se hizo tarde*, muda umekwenda. Kwa hiyo nia ya mtu peke yake haikielezi chote.

Wazawa wenyewe hutofautiana kidogo. Kwa habari ya kuzeeka utasikia *hacerse viejo*, *volverse viejo*, hata *ponerse viejo*, na hakuna atakayesahihishwa. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini na Meksiko, badala ya *se puso enfermo* utasikia zaidi *se enfermó*, kitenzi kimoja kama "aliugua" yetu.

Kosa linalopotosha maana kabisa liko kwenye *hacerse*. Ukiweka *el* au *la* mbele ya sifa, sentensi huwa ya kujifanya. *Se hizo el sordo* ni kusema alijitia kiziwi, alisikia akapuuza. Vivyo hivyo, mfanyakazi anayetaka kueleza kwamba jana aliugua, akimwambia bosi *me hice el enfermo*, amekiri kwamba alijifanya mgonjwa.